Visima 17 vya Lamu: 0.03 au 0.057?

Mwanafunzi wa Afya: Assalaam aleikum jamaa. Tumepima visima 17 mjini Lamu kutafuta bakteria wa kinyesi. Vilivyo karibu na shimo la choo ni 8, na 6 kati yake ni vichafu. Vilivyo mbali ni 9, vichafu 2. Natafuta p, yaani uwezekano wa kuona pengo kama hili au zaidi kama choo hakina athari. Kai-skwea yanipa p ya 0.03, chini ya mpaka wa kawaida wa 0.05; jaribio la Fisher lanipa 0.057, juu yake. Kamati ya mtaa yataka kuvifunga vya karibu. Niwapelekee ipi?

Mhitimu wa Juzi: Fisher, bila mjadala. Tulifunzwa kwamba kisanduku chochote cha jedwali kikiwa na nambari chini ya 5, kai-skwea haifai. Wewe una 2 mara mbili.

Mwalimu wa Takwimu: Jibu ni hilo, sababu siyo. Hatuangalii ulichohesabu, twaangalia kilichotarajiwa kama choo hakina athari. Vichafu vya karibu vingekuwa 8 × 8 ÷ 17, yaani 3.8. Visanduku vingine vyatoka 4.2, 4.2 na 4.8. Vyote vinne viko chini ya 5, ndiyo maana 0.03 haiaminiki. Sampuli ikiwa kubwa, kisanduku chenye 2 chaweza kukaa humo bila tatizo.

Fisher hakadirii, ahesabu. Shika jumla zako zote kama zilivyo, kisha uliza: vichafu 8 vyaweza kuangukia visima 17 kwa njia ngapi? Ni 24,310. Zinazoweka 6 upande wa karibu ni 28 × 36, yaani 1,008. Zinazoweka 7 ni 72, na zinazoweka 8 ni 1. Hizo 1,081 ukizigawa kwa 24,310 ni mkia mmoja, 0.044. Mkia wa pili ni matokeo ya upande wa pili yaliyo adimu kama yako au zaidi: kichafu kimoja tu karibu, au hakuna kabisa. Njia zake ni 297. Ukizijumlisha wapata 1,378, ndiyo 0.057 yako. Katika programu ya R ni hivi:

```
fisher.test(matrix(c(6,2,2,7), 2))
```

Na usishangae `chisq.test` ikikupa 0.091. Kwa jedwali la mbili kwa mbili hiyo husahihisha yenyewe, mpaka uiambie `correct=FALSE`.

Mzee wa Mkomani: Kisima chetu kiko hatua chache na choo tangu enzi za babu, na sote wazima. Kwa hiyo hiyo 0.057 yasema choo hakina kosa?

Mwalimu wa Takwimu: La, mzee wangu. Yasema visima 17 ni vichache mno kuamua. Vya karibu vichafu ni 6 kwa 8, vya mbali 2 kwa 9. Pengo hilo si dogo. Na chako, kipimwe chenyewe. Wastani wa majirani hautakwambia kilichomo ndani yake.

Mhandisi wa Maji: Mbona mnahangaika na mikia miwili? Choo hakiwezi kusafisha kisima. Chukua 0.044, mfunge.

Mwalimu wa Takwimu: Kama iliandikwa kwenye pendekezo kabla ya kuteka maji, sawa. Ukichagua mkia baada ya kuona jibu, huo si mkia tena.

Mtafiti wa Malindi: Mimi naona Fisher mwenyewe anabana kupita kiasi hapa, yaani p yake yatoka kubwa kuliko inavyostahili. Kumbukeni mfano wake wa chai: vikombe 8, vinne vimetiwa maziwa kwanza, na bibi aliyedai kuvitambua kwa kuonja aambiwa avichague hivyo vinne. Akipatia vyote, bahati yake ni 1 kwa 70. Pale jumla za pande zote mbili zilipangwa. Visimani nani alipanga vichafu wawe 8? Mtakwimu Barnard alilisema hilo mwaka 1945 na akaleta jaribio lake, ambalo hushika jumla za upande mmoja tu.

Mwalimu wa Takwimu: Hoja hiyo ni ya zamani na watu hawajakubaliana. Mimi nabaki na Fisher: afadhali nishutumiwe kwa kubana. Lakini ukitaka Barnard, sema kabla, si baada ya Fisher kukuudhi.

Mhandisi wa Maji: Mwanafunzi, pendekezo lilisemaje? Na visima hivyo vimetengana? Mji ule nyumba zagusana kuta.

Mwanafunzi wa Afya: Pendekezo halikutaja mkia. Na kweli, viwili kati ya vile vichafu vya karibu viko nyumba moja, vimegawanywa na ukuta, shimo lao moja.

Mwalimu wa Takwimu: Basi hivyo si visima viwili, ni ushahidi mmoja uliohesabiwa mara mbili, na hakuna jaribio kati ya haya litakalokukinga na hilo. Nimekiondoa kimoja: karibu 5 kwa 7, mbali 2 kwa 9. Njia zote ni 11,440, zako ni 1,444. P imeruka hadi 0.126.

Mhandisi wa Maji: Visima 8 vyenye kinyesi bado vina kinyesi. Hivyo vitiwe dawa leo, p iwe yoyote. Kuvifunga vya karibu vyote, hata viwili vilivyo safi, hapo ndipo mtakapogombana na wenye nyumba.

Mwanafunzi wa Afya: Kamati yakutana Ijumaa baada ya sala. Nitawapelekea 0.126 pamoja na orodha ya vichafu. Mkia na Barnard nitamuuliza msimamizi wangu.