CV ya safu mbili, ya jedwali au ya safu moja: ipi inasomeka na mfumo wa maombi?

binti_wa_pwani
Habari za humu. Nina CV moja katika sura tatu: PDF ya safu mbili (ujuzi kushoto, kazi kulia), Word yenye jedwali, na Word ya kawaida ya safu moja. Nilipopakia ile PDF kwenye tovuti ya maombi, fomu ikajijaza yenyewe: cheo changu kikawa "Excel Mhasibu Msaidizi", na kazi ya pili "QuickBooks Karani wa Stoo". Kwa macho CV iko safi kabisa. Nitume ipi?

kaka_shoka
Tatizo ni PDF, dada. Tuma Word, yataisha.

mzee_wa_Njoro
Mimi nimeajiri watu miaka mingi. Safu mbili inapendeza ikichapwa kwenye karatasi nzuri. Muhimu ni picha iwe ya paspoti.

binti_wa_pwani
Shikamoo mzee. Hapa anayeisoma kwanza ni mashine, karatasi haipo.

fundi_faili
Kaka_shoka amepata nusu. Ndani ya PDF nyingi hakuna kitu kinachoitwa safu. Kuna maandishi na mahali yalipowekwa kwenye ukurasa, basi. Programu inayoyasoma ndiyo inayokisia kipi kinafuata kipi. Ikikusanya vyote vilivyo kwenye kimo kimoja, kutoka kushoto kwenda kulia, inavuka mpaka wa safu bila kujua. Jaribu mwenyewe kwa pdftotext, programu ya kutoa maandishi kwenye PDF:

```
pdftotext -layout cv.pdf -

UJUZI         UZOEFU WA KAZI
Excel         Mhasibu Msaidizi
QuickBooks    Karani wa Stoo
```

Ondoa ile nafasi ya katikati, utapata "Excel Mhasibu Msaidizi", yaleyale ya kwenye fomu yako. Sasa weka `-raw` badala ya `-layout`. Hapo inafuata mpangilio ambao maandishi yaliandikwa ndani ya faili, na huenda safu ya kushoto ikatoka yote kwanza. Faili ni lilelile, majibu mawili. Zipo programu zinazotafuta ule mstari mweupe kati ya safu na kuzitenganisha vizuri, ila mstari ukiwa mwembamba, au kichwa kimoja kikiukatiza, zinapotea.

Kwa Word inategemea safu ulizitengenezaje. Ukitumia Columns, maandishi ndani ya faili bado ni mfululizo mmoja, kwa hiyo safu ya kwanza inaisha ndipo ya pili ianze. Lakini ukiigeuza iwe PDF, umerudi kulekule. Visanduku vya maandishi ndivyo vibaya zaidi. Baadhi ya programu haziviangalii kabisa.

nyota_ya_mji
Na jedwali je? Mimi la kwangu lilisomwa vizuri tu.

fundi_faili
Jedwali kwa kawaida husomwa mstari kwa mstari. Kama lako lina tarehe kushoto na kazi kulia, inatoka "2019–2022, Mhasibu Msaidizi", hakuna shida. Mtu aliyeweka kazi mbili ubavu kwa ubavu, tarehe zikiwa mstari wa chini, anapata hivi:

```
Mhasibu Msaidizi
Karani wa Stoo
2019–2022
2017–2019
```

Mfumo unaweza kumpa karani tarehe zote mbili, na mhasibu akabaki bila hata moja. Halafu kuna programu zinazochukua aya za kawaida tu na kuruka majedwali. Kwa python-docx, maktaba ya Python ya kusoma faili za Word, `doc.paragraphs` haikuletei hata neno moja lililo ndani ya jedwali.

binti_wa_pwani
Basi nimeelewa kwa nini ile ya Word haikuonyesha simu wala barua pepe! Niliziweka kwenye kijajuu, ile sehemu ya juu inayojirudia kila ukurasa.

fundi_faili
Ndiyo hiyo. Nakili faili la docx, libadili jina liishie na .zip, lifungue. Mwili wa CV uko `word/document.xml`, kijajuu kiko faili jingine kama `word/header1.xml`, na kijachini vilevile. Anayesoma lile la kwanza peke yake haoni simu yako.

kaka_shoka
Kwa hiyo kwa kijajuu PDF ni bora, maana humo kila kitu kiko kwenye ukurasa.

fundi_faili
Hapo umesema kweli, simu itaonekana. Ila kama maelezo ya kazi moja yanavuka kwenda ukurasa wa pili, jina lako, simu na "Ukurasa 1 wa 2" vinaingia katikati ya sentensi. Binti, tuma ya safu moja, simu uiweke mstari wa pili chini ya jina, ndani ya mwili.

nyota_ya_mji
Na tarehe ninazozisukuma kulia kwa kitufe cha Tab, kwenye mstari mmoja na cheo?

fundi_faili
Kwenye Word ni mstari mmoja, haina neno. Kwenye PDF nimeona zikisomwa sawa, na nimeona programu ikidhani tarehe zote ni safu ya pekee na kuzirundika mwisho. Mimi huandika cheo, koma, tarehe. Wengine humu watabisha.

nyota_ya_mji
Nabisha. Mwajiri akiifungua anatafuta tarehe upande wa kulia.