Tupeane uzoefu: nani alishawahi kuzuiwa mtihani kwa mahudhurio wakati alikuwa anaumwa?

BintiSinza
Jamani wadau habari za jioni. Leo wamebandika majina ya waliozuiwa, mdogo wangu yuko mwaka wa pili na jina lake limo kwenye masomo mawili. Aliugua TB ya mapafu katikati ya semista, kakaa nyumbani wiki 5 anakunywa dawa, na hata aliporudi alikuwa anapanda ngazi za lekcha tieta anapumzika njiani. Chuo kinataka asilimia 75. Wamesema rufaa ni mpaka Ijumaa na mitihani inaanza Jumatatu. Waliopitia haya mlifanyaje? Mama huku nyumbani analia tu.

Kidume wa Mbagala
Pole sana dada. Ila hiyo ndogo, barua ya daktari tu wanamruhusu, mgonjwa hazuiwi mtihani hata siku moja.

Tozi_75
Nani kakudanganya Kidume. Mi nilipeleka barua ya daktari, nikaambiwa "pole, tumeona ulikuwa unaumwa, sasa mahudhurio yako wapi?"

Mama Careen
Mwanangu form four aliumwa malaria siku ya mtihani wa taifa wakamfanyisha akiwa sick bay na msimamizi kakaa pembeni. Mwombeni mkuu wa shule.

Tozi_75
Mama hapa tunaongelea chuo 😂

Karani Mstaafu
Mada hii imenikumbusha mbali, nimekaa ofisi ya mitihani ya chuo kimoja hapa Dar miaka mingi nikipokea hizo rufaa. Kidume yuko sawa nusu. Barua ya daktari inaeleza kwa nini hukuwepo, haikufanyi uwe ulikuwepo. Sheria za vyuo vingi hazisemi mgonjwa anahesabiwa amehudhuria. Ndiyo maana rufaa nyingi zinakufa, mtu anaandika kurasa tatu za maumivu halafu mwisho "naomba mnifikirie". Kamati ikufikirie nini? Inabidi useme unataka kipi kati ya vile ambavyo kamati ina mamlaka ya kutoa.

BintiSinza, kabla ya yote mwambie mdogo wako akaombe kuona karatasi za mahudhurio za hayo masomo mawili. Wamemgawia kwa vipindi vilivyopangwa au vilivyofanyika kweli?

BintiSinza
Ndo hata sijui mzee wangu. Ngoja nimuulize kesho asubuhi.

Pweza wa Kigamboni
Hapo kwenye karatasi za mahudhurio naomba niseme kitu maana nimetetemeka kusoma. Mwaka wangu wa tatu nilifanyiwa operesheni ya kidole tumbo, kidonda kikaoza nikarudishwa tena wodini. Rumeti wangu, Mungu ambariki na amsamehe, akawa ananisainia kila kipindi. Mi sijui lolote niko na dripu. Nikazuiwa somo moja ambalo darasa lake lilikuwa dogo akashindwa kunisainia, nikakata rufaa nikaambatanisha karatasi ya disichaji, tarehe ya kulazwa na ya kutoka, mhuri, safi kabisa. Kamati wakaagiza karatasi za masomo yote. Aisee! Yule mama mwenyekiti akaniuliza taratibu, "kijana, tarehe hii uko wodini au uko darasani?" Sahihi yangu iko pale, nzuri kuliko ninayoandika mwenyewe. Rufaa ya ugonjwa ikageuka kesi ya udanganyifu, nimeenda kwenye nidhamu na mshono bado haujakauka, nikisimama nashika tumbo.

Tozi_75
😂😂😂 sahihi nzuri kuliko yako

Mchele Mbeya
Ikaishaje??? Usitukatie utamu

Pweza wa Kigamboni
Rumeti alikiri mwenyewe, yeye akasimamishwa semista, mi nikapewa onyo la maandishi na lile somo nikarudia mwaka uliofuata.

Kidume wa Mbagala
Rumeti ndo rafiki wa kweli huyo. Kila mtu anasainiwa bongo tusidanganyane.

Dada Lekchara
Kidume, watu kama nyie ndo mnafanya wagonjwa wa kweli wasiaminiwe. Nafundisha, na nikiona sahihi 80 wakati vichwa ni 50 najua.

Kidume wa Mbagala
Na nyie mkikosa kipindi nani anawazuia?

Karani Mstaafu
Hahaha, Kidume hapo umegusa penyewe bila kujua. Kipindi ambacho lekchara hakuja hakiwezi kuwa utoro wa mwanafunzi.

BintiSinza
Mzee nimerudi. Somo la kwanza lina vipindi 2 kwa wiki, wiki 14, kwa hiyo 28, kahudhuria 17 wamempa asilimia 60. Ila CR wa darasa kaonyesha vipindi 6 havikufanyika, na vitano vilikuwa vya zile wiki alizoumwa. La pili ni vipindi 42, kahudhuria 25, havikufanyika 6.

Karani Mstaafu
Basi fanya hesabu. La kwanza vilivyofanyika ni 22, 17 kwa 22 ni asilimia 77. Hilo halihitaji ugonjwa hata kidogo, ni kosa la hesabu, aandike barua fupi kwa mkuu wa idara na lekchara athibitishe kwa sahihi vipindi ambavyo havikufanyika. La pili 25 kwa 36 ni kama 69, hapo hachomoki kwa hesabu. Hilo ndilo la rufaa ya ugonjwa, na asiombe kuruhusiwa kufanya Jumatatu peke yake. Aombe kuruhusiwa, na wakikataa aombe kuahirisha mtihani wa somo hilo aufanye kipindi cha sapu kama fasti siti, ili usihesabiwe kafeli na alama isifungiwe kwenye C. Aanze na kanuni za chuo chake, ataje na namba ya kifungu.

Tozi_75
Kwani alilazwa? Bila disichaji wanakutimua.

BintiSinza
Hakulazwa 😭 alikuwa anafuata dawa kliniki ya TB Mwananyamala.

Dada Lekchara
TB wengi hawalazwi. Ana kadi ya matibabu yenye tarehe ya kuanza dawa na tarehe za kuchukua dawa, apige kopi. Halafu mganga wa kliniki aandike kwamba wiki za mwanzo alishauriwa asikae kwenye vyumba vilivyojaa watu. Hiyo sentensi ina nguvu kuliko "alikuwa dhaifu". Ipitie na kwa daktari wa chuo agonge mhuri. Je aliwahi kuripoti idarani wakati anaumwa?

BintiSinza
Alimtumia lekchara meseji WhatsApp, akajibu "get well soon".

Dada Lekchara
Print hiyo, tarehe ionekane. Inaonyesha hakuibuka na ugonjwa baada ya majina kubandikwa.

Mchele Mbeya
Mi nashauri aahirishe mwaka mzima apone vizuri, dawa za TB ni miezi 6.

Tozi_75
Na bumu utampa wewe? Akiahirisha mwaka pesa ya bodi inasimama, mi nimeuza chipsi Manzese mwaka mzima.

Mchele Mbeya
Afya kwanza bro.

BintiSinza
Na Jumatatu majibu yakiwa hayajatoka? Aingie chumbani au abaki nyumbani?

Pweza wa Kigamboni
Aingie! Wakimtoa watamtoa.

Karani Mstaafu
Asiingie kwa ujanja. Mtu aliyezuiwa akifanya, karatasi inafutwa na anaweza kuambiwa kavunja kanuni. Ila asibaki nyumbani kimya pia, maana kutoonekana bila ruhusa kunaandikwa kakacha mtihani. Aende mapema na kopi ya rufaa yenye mhuri wa mapokezi, amuonyeshe afisa mitihani, aombe maandishi: ama aingie kwa masharti, ama asubiri.

Dada Lekchara
Chuoni kwetu kuingia kwa masharti hakupo, mzee.

Karani Mstaafu
Kwetu kulikuwepo. Ndo maana nasema asome kanuni za kwao leo leo.

Kidume wa Mbagala
Huo mhuri wa mapokezi sekretari ataugonga kama hajaenda lunch

BintiSinza
Nimempigia, yuko kwenye daladala anarudi kliniki kufuata barua. Lekchara wa somo la kwanza kasema vipindi ambavyo havikufanyika ni 4 sio 6.

Karani Mstaafu
Vikiwa 4 ni 17 kwa 24, kama asilimia 71, hapiti. CR alete meseji za kila siku kipindi kilipoahirishwa kwenye grupu la darasa. Na rufaa ya ugonjwa iandikwe kwa masomo yote mawili, isitegemee hiyo hesabu.