Mjadala: Je, solfa inatosha kuutambulisha wimbo wa harusi?

Muulizaji: Ninakumbuka kipande cha wimbo wa harusi, lakini maneno yake yamenipotea. Nimekiandika kwa solfa, yaani kwa herufi za do, re, mi, hivi: s s f m r, m f m r. Kila anayekisoma anaimba kitu kingine. Je, solfa inafaa kwa nyimbo zetu, au tuiache?

Mkaazi wa Malindi: Tuiache. Solfa ni mambo ya kwaya za kanisani, na nyimbo za harusi zetu hupokewa kwa sikio, kutoka kwa anayeimba hadi kwa anayeitikia. Tangu lini somo akafundishwa wimbo kwa herufi?

Mwanakwaya wa Mkunazini: Maneno hayo yameniuma. Wimbo wa Taifa tunaousimamia sote, Waislamu na Wakristo, sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897, naye aliiandika kwa solfa. Kama herufi hizo ni za kanisani tu, basi sote tumekwisha kuingia humo kila bendera inapopandishwa.

Kijana wa Kikwajuni: Ndugu zangu, swali ni jepesi kuliko hivyo. Do ni funguo moja isiyobadilika kwenye kinanda, kwa hiyo nimebonyeza herufi kama zilivyo. Wimbo unaishia re na unabaki ukining'inia, kwa sababu haujarudi do. Nadhani ndugu muulizaji amesahau noti ya mwisho.

Mpiga udi wa Mji Mkongwe: Hajasahau kitu. Kijana yuko sahihi kwamba wapigaji wanaofuata mafunzo ya Kiarabu huipa do sauti moja tu, lakini wanakwaya huihamisha do ikae popote wimbo unapotulia, na hapo ndipo wasomaji wawili wanapoachana kabla hata ya kuimba. Kwa ninavyouona, wimbo huu ni wa Bayati, mojawapo ya makam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambayo nyumbani kwake ni re, na kwa hiyo kuishia re ni kurudi nyumbani kabisa.

Ugumu hasa uko kwenye mi. Katika Bayati, mi hiyo huitwa sika, nayo hukaa baina ya mi ya kawaida na mi iliyoshushwa nusu, hata hatua ya re kwenda mi na ile ya mi kwenda fa zinakaribia kulingana. Kwenye udi kidole hujitafutia mahali pake, kwa kuwa shingo yake haina vigawanyo. Kinanda cha kawaida hakina funguo ya sauti hiyo. Ukibonyeza mi nzima, hatua ya kwenda fa inakuwa fupi mno. Ukibonyeza mi iliyoshushwa, wimbo unageuka kuwa wa huzuni usiokuwa wake. Ndiyo maana kila mmoja ameimba kitu kingine, na kila mmoja amesoma herufi sahihi.

Mkaazi wa Malindi: Maalim umethibitisha nilichosema: herufi zimeshindwa. Na huyo wa Mkunazini asinifundishe bendera. Kikundi chetu cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na sikio ndilo lililotuhifadhia taarabu.

Mwanakwaya wa Mkunazini: Sikio halikumhifadhia muulizaji maneno yake, ndugu yangu.

Bibi wa Wete: Wanangu, mimi nilijifunza kasida kwa kumsikiliza mama yangu akizisoma kwenye maulidi, na hadi leo sijapotea hata pahala pamoja. Mfundisheni mtoto kusikiliza kwanza.

Mpiga udi wa Mji Mkongwe: Sikatai, Bibi, lakini muulizaji anataka kutambuliwa na mtu aliye mbali. Herufi zake zilikosa mambo matatu: nyumbani ni wapi, mi ni ipi, na kila sauti hukaa kwa muda gani. Mtu akiandika kwa namba angekuwa na tatizo hilohilo, kwani mmoja ataiita re 2 na mwingine ataiita 1. Mimi ningeandika hivi, ingawa mapigo nimeyakisia:

```
Nyumbani: r    m = sika
| s :s.f | m :r | m :f.m | r :– |
```

Nukta mbili hutenga mapigo, nukta moja hukata pigo nusu kwa nusu, na kistari huishikilia sauti iliyotangulia.

Kijana wa Kikwajuni: Kinanda cha jirani kina kitufe cha kuishusha mi kidogo. Nimejaribu, na sasa wimbo unatulia kwenye re. Lakini je, mtu asiyejua neno sika atasoma nini hapo?

Muulizaji: Mapigo ni hayohayo, Maalim. Nimemwimbia shangazi yangu naye ameutambua, ila anasema baada ya re sauti hupanda hadi so, haiishii fa.

Bibi wa Wete: Shangazi yako ni wa wapi? Huku Pemba tunapanda hadi so. Unguja sijui wanaimbaje.

Mkaazi wa Malindi: Unguja ni fa. Sasa mtaandika ipi?