Taa za dagaa za sola: mstari mmoja, mistari miwili, au kuuliza TRA kwanza?

Mama Karabai, Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Naagiza seti 200 za taa za kuvulia dagaa kutoka Guangzhou. Kila seti ina taa ya LED yenye betri ndani, paneli ndogo ya kuchajia mchana na waya wa mita 3. Nimeongeza paneli 40 za akiba, maana vijana wa Igombe wanazikanyaga mtumbwini mpaka zinapasuka. Thamani ya zile seti 200, pamoja na nauli na bima hadi Dar, ni shilingi milioni 20.

Nina njia tatu. Wakala wa kwanza anasema kwenye fomu ya forodha seti nzima iandikwe mstari mmoja kama taa, na ushuru wake kwa hesabu yake ni 25%. Wa pili anasema tutenganishe: taa mstari wake, paneli mstari wake, kwa kuwa paneli ni 0%. Njia ya tatu ni kuomba TRA uamuzi wa awali kabla mzigo haujapakiwa, ila naogopa kuchelewa na giza la mwezi halinisubiri. Mzigo uliopita ulikaa siku 19 na sitaki kurudia. Mnaonaje?

Kijana wa Nansio

Dada, tenganisha. Kila kitu kina namba yake ya HS, ile ya kupanga bidhaa forodhani, huo ndio utaratibu. Piga hesabu: tuseme paneli ni milioni 6 na taa milioni 14. Ushuru ni 25% ya milioni 14, yaani milioni 3.5. VAT ya 18% inakwenda juu ya thamani pamoja na ushuru, milioni 23.5, unapata milioni 4.23. Jumla milioni 7.73. Kwa mstari mmoja ushuru ni milioni 5, VAT milioni 4.5, jumla milioni 9.5. Milioni 1.77 utamwachia nani?

Mzee wa Kaunta

Nimekaa dirishani upande wa mawakala miaka mingi, sasa nafuga kuku Ilemela. Hesabu ya Kijana ni safi. Tozo ndogondogo kaziacha, na kama kuna msamaha wa VAT mwaka huo nao hutajwa kwa namba ya HS, kwa hiyo ukikosea namba unakosea mara mbili. Lakini sababu aliyotoa ya kutenganisha siyo.

Kitu hupewa namba kama kilivyofika mpakani. Vitu viwili vya namba tofauti vikiwa vimepangwa pamoja kwa kazi moja, ndani ya boksi linalomfikia mvuvi bila kufungashwa upya, hiyo ni seti. Seti hufuata kile kinachoipa sura yake, na hapa ni taa, kwa sababu hakuna mvuvi anayenunua boksi lile apate paneli. Mama Karabai, swali langu ni moja: zimefungwaje?

Zile 40 za akiba ni habari nyingine. Zimezidi idadi ya seti, hazina taa ya kuoana nayo, kwa hiyo zina mstari wake wa paneli, 8541.43. Hapo wakala wako wa kwanza akiziswaga zote kwenye taa, atakutoza usichodaiwa.

Bujora Spea

Nami niulize hapohapo. Naleta spea za mashine za boti, kila mara naandika "sehemu za injini", 8409, na kila mara wananipandishia. Injini yenyewe si ina namba moja?

Mzee wa Kaunta

Bujora, mashine ya boti ya petroli, ile ya kufungwa nyuma, ni 8407.21. Lakini si kila kinachofungwa kwenye mashine ni sehemu yake kwenye kitabu. Propela ina namba yake, 8487.10. Plagi ni 8511.10. Chujio la mafuta ni 8421.23. Zilizotajwa kwa jina zinakwenda kwenye jina lake, na 8409 inabaki kwa pistoni na wenzake. Ukizirundika zote pamoja, afisa akifungua kasha akaona propela, lazima aulize na mengine. Fungua uzi wako, tusimwibie mama uwanja.

Dukani Makoroboi

Mnajisumbua. Mimi nalipa kwa ujazo kwa watu wa mzigo wa kuchangia, sijawahi kujua namba hata moja na vitu vinafika.

Mzee wa Kaunta

Namba ipo, ila anakuchagulia mwingine kwa jina lake. Siku akikwama, huna karatasi ya kupingia.

Mama Karabai, Kirumba

Mzee, asante. Zimefungwa moja moja: boksi lenye picha ya mtumbwi, ndani taa, paneli na waya. Akiba zipo katoni mbili peke yake. Kwa hiyo wa pili ananipoteza? Na nikimwambia muuzaji afunge paneli zote mbali na taa?

Kuhusu zile siku 19: invoisi ya muuzaji iliandika 8541.40, BL, hati ya meli ya kubebea mzigo, ikasema "vifaa vya umeme", na cheti cha ubora kikasema taa. Wakala akaingiza ile namba ya invoisi, mfumo ukaikataa.

Mzee wa Kaunta

Lazima ikataliwe. 8541.40 ilikufa na toleo la HS la 2022, ikagawanywa. Sisi Afrika Mashariki tulihamia toleo hilo tarehe 1 Julai 2022. Wauzaji wengi bado wana invoisi za zamani kwenye kompyuta. Halafu Wachina huandika tarakimu 10. Sita za mwanzo ndizo za dunia nzima, sisi tuna 8, kwa hiyo zao za mwisho zifute kabisa, hazina maana hapa. Lakini kilichokula siku zako nyingi si namba, ni karatasi tatu kusema vitu vitatu. Namba husahihishwa. Maelezo yakigombana, wanafungua mzigo.

Kuhusu kufunga mbali: ukiagiza hivyo, hoja ya seti inadhoofika kweli. Ila afisa akikuta taa 200 na paneli 200 za plagi ileile, atakwambia ni bidhaa moja iliyoletwa vipande. Nimeona ikienda pande zote mbili. Mimi nisingeweka milioni 1.77 hapo.

Kijana wa Nansio

Sawa, nimeelewa ya boksi. Basi taa ni 9405.41, ya sola na LED, tumemaliza.

Mzee wa Kaunta

Hatujamaliza. 9405 inapokea taa ambazo hazikutajwa pengine. 8513 inataja taa za kubebeka zenye chanzo chake cha umeme. Kubebeka maana yake imetengenezwa kutumika mkononi au mwilini, na mara nyingi mshikio ndio unaosema. Taa ya dagaa inaelea juu ya kiboya usiku kucha, haishikwi. Lakini wengine huiwekea mshikio.

Viwango sitaji kwa kichwa, hubadilishwa kila Julai kwenye gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nchi moja moja huombewa viwango vyake. Hapo ndipo njia ya tatu ina faida: peleka picha, karatasi ya kiwanda na boksi lenyewe, wakujibu kwa maandishi kabla hujapakia. Mzigo ukiwa baharini umechelewa. Na ukipewa namba usiyoikubali, una siku 30 za kuomba Kamishna aipitie.

Mama Karabai, Kirumba

Nimetoa sampuli stoo sasa hivi. Ina waya wa chuma juu kama wa ndoo, na chini tundu tatu za kufungia kiboya. Mzee, waya ule wavuvi wanaukata siku ya kwanza maana unanasa nyavu. Bado utahesabiwa mshikio?

Mzee wa Kaunta

Wanaukata wavuvi, forodha anauona haujakatwa. Piga picha ya tundu za chini, iwe ya kwanza kwenye maombi.