Nyanya za Malindi: dawa ya ukungu kila wiki, au tuangalie hali kwanza?

Mkulima wa Sabaki: Nyanya zetu za kando ya mto hupigwa bakajani, ile yenye baka la kahawia lenye duara ndani ya duara, kuanzia majani ya chini. Tupige dawa kila Jumatatu msimu mzima, au tufuate ile pembetatu ya ugonjwa?

Muuza pembejeo: Kila Jumatatu. Dawa ya kinga haiponyi baka lililokwisha kutokea. Lazima ikae juu ya jani kabla mbegu za kuvu hazijachipua.

Afisa ugani: Hilo la kinga ni kweli, ndugu yangu, lakini umeshika pembe moja tu, ya kuvu. Mmea na hali ya hewa ndizo pembe nyingine, na zote tatu zikikutana ndipo ugonjwa huanza. Joto la nyuzi 24 hadi 29, linaloifaa kuvu hii, sisi pwani tunalo karibu mwaka mzima, kwa hiyo kinachoamua ni muda jani linaokaa limelowa.

Muuza pembejeo: Basi kaskazi kavu hakuna haja ya dawa.

Afisa ugani: Inategemea maji unayamwagaje. Mwenye pampu anayerusha maji kwa mpira jioni huyaacha majani yamelowa hadi asubuhi, na matone yanayogonga ardhi hurusha kuvu kutoka mabaki ya mazao hadi majani ya chini. Mwagilia shinani asubuhi, tandaza nyasi kavu, simika vijiti, na mmea ukishakua toa majani ya sentimita 30 za chini. Mabua ya msimu uliopita yatoe shambani. Kisha panda mahindi au kunde miaka 2 hadi 3, si bilinganya wala viazi, maana hao ni ukoo mmoja na nyanya.

Mwenye matango: Mbona matango yangu Januari yamejaa unga mweupe, na mvua haijanyesha?

Afisa ugani: Huo ni ubwiriunga, mama. Wenyewe hauhitaji jani lilowe, hivyo pembe yake ya hali si sawa na ya bakajani. Punguza msongamano wa mimea. Salfa husaidia ukiwahi, ila usiipige joto likipita nyuzi 32, itaunguza majani.

Muuza pembejeo: Na Mei, mvua ikinyesha mfululizo?

Afisa ugani: Hapo ratiba yako naikubali. Majani mapya huchipua bila kinga na mvua kubwa huosha dawa, kwa hiyo siku 7 zinaweza kuwa nyingi. Soma lebo uone nafasi inayoruhusiwa kati ya dawa na dawa, na siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Mkulima wa Sabaki: Jirani yangu huacha mabua yaozee shambani, na kuvu hii hupeperushwa na upepo. Nikisafisha kwangu peke yangu, inatosha?

Afisa ugani: Itachelewesha ugonjwa, haitauzuia.

Muuza pembejeo: Ndiyo maana nasema Jumatatu.