Magic Cut, Refine Edge au Pen kwenye laptopu ya RAM 4 GB: ipi inakata vizuri bila kugandisha Photopea?

kibodi_moja
Wakuu, naomba ulinganisho wa njia, si jina la programu nyingine. Picha ni mtu kuanzia kifuani kwenda juu: nywele nyeusi za kujikunja, shati jeupe, ukuta wa kijivu hafifu nyuma yake. Faili ni JPG ya 3 MB, pikseli 3000 × 4000. Nataka kumtoa mtu huyo na kumweka kwenye rangi ya kijani iliyokolea, tangazo la 1080 × 1350. Laptopu ina RAM 4 GB na intaneti ni ya kusuasua. Nikifungua Magic Cut kivinjari kinaganda, na Quick Selection inakula shati pamoja na ukuta. Nianzie wapi?

Tumbiri
Tatizo lako ni intaneti, mkuu. Photopea inapandisha picha kwenye seva, inaikata huko halafu inairudisha. Kwa mtandao huo lazima igande. Subiri usiku mtandao ukiwa mwepesi, kisha bonyeza `Select > Remove BG`, kazi imeisha.

Sefu_Picha
Tumbiri, umepatia kwa `Remove BG` tu, hiyo kweli inategemea seva. Magic Cut, Refine Edge, Pen na brashi zote zinafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa kutumia RAM na prosesa ya laptopu yenyewe. Ukitaka kuhakikisha, fungua Photopea, fungua picha, zima Wi-Fi, kisha endelea kukata: haitakusumbua. Mimi ningeshauri kuzima mtandao hata kama upo, kwa sababu yale matangazo ya pembeni yanajibadilisha yenyewe na kila jipya linakula bando na RAM pia.

Kinachogandisha ni ukubwa wa picha ikishafunguka. Kibodi_moja, ile 3 MB ni ukubwa wa faili ikiwa imebanwa diskini. Ndani ya RAM kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo 3000 × 4000 ni megabaiti 48 kwa leya moja. Ukigonga `Ctrl+J` kutengeneza nakala, 48 nyingine. Magic Cut nayo inaonyesha picha upande mmoja na matokeo upande wa pili, na katikati inapiga hesabu ya pikseli milioni 12. Kwenye Chrome au Edge gonga `Shift+Esc` uone kichupo cha Photopea kinavyopanda wakati dirisha hilo likifunguka.

Tangazo lako lina upana wa 1080. Punguza picha hadi 1500 × 2000 kabla hujaifungua Photopea, usiipunguzie humo ndani, maana ukifanya hivyo historia bado inabeba ile kubwa. Paint ya Windows inatosha: `Resize`, chagua Pixels, andika 1500, kisha hifadhi kama PNG ili isibanwe mara ya pili. Leya inashuka hadi megabaiti 12.

mchorapindo
Naunga mkono, ila niongeze kuhusu chanzo cha picha. Kama imetumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ukuta ulio karibu na nywele utakuwa na viraka vidogo vya mraba. JPG inabana kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na pale nywele zinapokutana na ukuta ndipo uharibifu unapoonekana zaidi. Vuta hadi 300% uangalie. Ukiona vile viraka, hakuna chombo kitakachokata vizuri. Mwambie aliyekutumia aitume upya kama dokumenti.

Sasa njia. Msimtafutie chombo kimoja cha picha nzima. Shati jeupe kwenye ukuta hafifu halina tofauti ya rangi ya kutosha, ndiyo maana Quick Selection inavuja pale, na Magic Cut itavuja palepale hata ukipaka kijani na nyekundu kwa uangalifu wote. Mabega ni ya Pen. Nywele ni za Refine Edge.

Chukua Pen (`P`), weka kwenye Path, vuta hadi 200%, anzia chini kushoto mwa picha. Kwenye bega vitone vitatu au vinne vinatosha, mstari ukiwa pikseli moja ndani ya shati, si juu ya ukingo wenyewe. Ukifika shingoni panda hadi sikioni. Kuanzia hapo usizifuate nywele: pita ndani yake, mahali zilipo nyeusi tupu na ukuta hauonekani kabisa. Teremka upande wa pili, funga njia, bofya kulia, `Make Selection`. Pen haigandishi laptopu yoyote kwa sababu njia ni orodha ya vitone tu.

Sehemu ikiwa imechaguliwa, ingia `Select > Refine Edge`. Nyeupe ni kinachobaki, nyeusi ni kinachoondoka, kijivu ni pale unapoiachia programu iamue. Paka kijivu kwenye ule ukanda wa nywele tu, kuanzia nywele nzito hadi mwisho wa nyuzi ndefu. Mabegani usipake hata kidogo, la sivyo utaipa ruhusa ya kula shati ulilolihangaikia kwa Pen. Ukimaliza, OK, kisha bonyeza alama ya maski chini ya orodha ya leya.

Pwaguzi
Kwa nini maski? Maski ni leya nyingine, inaongeza mzigo. Kwenye mashine ndogo futa moja kwa moja kwa Eraser, au chagua halafu Delete. Mimi ndivyo ninavyofanya siku zote.

Sefu_Picha
Maski haina rangi, ina baiti 1 kwa pikseli. Kwa 1500 × 2000 ni megabaiti 3. Ukifuta moja kwa moja, ukigundua kesho kwamba umekata sikio utafungua picha upya na kuanza mwanzo. Megabaiti 3 ni nafuu.

Bi_Rangi
Mchorapindo, njia yako ni nzuri, ila ukanda wa kijivu ukiwa mpana Refine Edge inaacha ukungu: ukuta unabaki nusu-nusu katikati ya nyuzi. Kwenye mandhari nyeupe hauonekani, kwenye kijani kilichokolea unatokea kama vumbi kichwani. Kibodi_moja, kabla hujaamini mkato wowote weka leya ya kijani hicho chini ya mtu na uangalie kwa 100%. Kisha shikilia `Alt` ubofye kijipicha cha maski. Utaiona maski yenyewe, na huko nje ya nywele panatakiwa pawe peusi tii. Ukiona kijivu kinachoelea mbali na nyuzi, huo ndio ukungu.

Kwa nywele nyeusi na ukuta hafifu mimi napendelea kutumia mwanga wa picha yenyewe, ni njia nyepesi kwa RAM. Gonga `Ctrl+J`. Kwenye nakala, `Image > Adjustments > Desaturate`, kisha `Ctrl+L`. Sogeza kitelezi cheusi kulia mpaka nywele ziwe nyeusi, na cheupe kushoto mpaka ukuta uwe mweupe. Usilazimishe kitelezi cheupe: ukikizidisha, ncha nyembamba za nywele zinayeyuka kwanza. Zikianza kukatika, rudi nyuma kidogo. Halafu `Ctrl+I` nywele ziwe nyeupe. Fungua `Window > Channels`, shikilia `Ctrl` ubofye kijipicha cha chaneli yoyote kati ya tatu, zote sasa ni sawa. Sehemu ya nywele imechaguliwa. Futa ile nakala, huihitaji tena na megabaiti 12 zinarudi. Bofya leya ya picha, weka maski.

Uso na shati vitakuwa vimetoweka au kufifia, usishtuke. Hapo ndipo ile njia ya Pen ya mchorapindo inapoingia: igeuze kuwa uchaguzi, kisha `Edit > Fill` kwa nyeupe. Hakikisha kwanza umebofya kijipicha cha maski na si cha picha. Watu wengi wanakosea hapa: wanajaza, na badala ya uso kurudi wanapata doa jeupe juu ya picha. Ukiona hivyo, `Ctrl+Z`, bofya maski, rudia.

kibodi_moja
Bi_Rangi, nimefuata hatua zako kwenye 1500 × 2000. Haikuganda hata mara moja. Mabega yametoka safi, uso umerudi. Ila nywele zina mstari mwembamba wa kijivu cheupe kuzunguka, hasa upande wa kulia. Nirudi kwenye `Ctrl+L`?

Bi_Rangi
Hapana, maski yako haina kosa. Zile nyuzi ni nyembamba kuliko pikseli moja, kwa hiyo pikseli zake zilishachanganyika na rangi ya ukuta tangu kamera ilipopiga. Ukikaza maski utakata nyuzi zenyewe na kichwa kitaonekana kama kofia. Badilisha rangi, si umbo. Tengeneza leya tupu juu ya picha, ibane kwenye picha kwa `Ctrl+Alt+G`, iweke hali ya Multiply. Chukua rangi ya nywele kwa Eyedropper, mahali palipo katikati, si peusi kabisa. Kwa brashi laini ya nguvu 40% hivi, pita kwenye ule mstari mara moja au mbili. Rangi haitamwagika kwenye kijani kwa sababu leya imebanwa. Acha upande wenye mwanga ubaki na mng'ao kidogo, ukiusawazisha wote nywele zinaonekana bandia.

Tumbiri
Sawa, nimekubali kuhusu RAM. Lakini kwa picha iliyopunguzwa hadi 1500 × 2000, `Remove BG` haiwezi kuwa haraka kuliko haya yote? Picha ndogo, mtandao mdogo.

mchorapindo
Kwa jaribio la kwanza inaweza. Mtandao ukikatika katikati unarudia, na kwenye nyuzi za nje matokeo utayarekebisha kwa brashi vilevile. Kama unazo picha kumi za namna hii, ijaribu kwenye moja yenye nywele ngumu zaidi ndipo uamue.

Pwaguzi
Na mimi nina chupa ya kioo yenye maji, nyuma yake ukuta uleule wa kijivu. Ile ya Desaturate itafanya kazi?

Bi_Rangi
Umbo la nje ndiyo, kwa Pen. Ndani ya kioo hapana: ule ukuta unaoonekana kupitia chupa ni sehemu ya chupa sasa. Fungua uzi wake, hapa tutamchanganya mwenye swali.

mchorapindo
Sefu, mimi sikubaliani nawe kwenye kupunguza kwanza. Kwa 3000 × 4000 nyuzi nyembamba zina pikseli mbili tatu za kushika, na mkato ukipunguzwa baadaye unatoka laini. Ningekata kichwa peke yake kwa Crop, pikseli kama 1800 × 1600, nikate kwa ukubwa halisi, ndipo nipunguze.

Sefu_Picha
Kichwa peke yake ni chini ya megabaiti 12, hilo linabebeka. Lakini atalazimika kukirudisha juu ya mabega baadaye, na kosa la pikseli moja pale shingoni litaonekana. Kwa tangazo la 1080 sioni faida. Kwa bango la kuchapisha ningefikiria tena.

kibodi_moja
Ile Multiply imefanya kazi, mstari umekwisha. Nitajaribu na ya mchorapindo kwenye picha ya pili nilinganishe. Nahifadhi kwa JPG?

Sefu_Picha
Tangazo zima lenye kijani ndani yake, JPG sawa. Mtu peke yake, PNG kupitia `File > Export as`, maana JPG haina uwazi na utapata weupe nyuma yake. Hifadhi PSD pia kwa `File > Save as PSD` kila baada ya hatua kubwa. Na ukigonga `Ctrl+S` uangalie kidole: `Ctrl+W` iko jirani tu na hapo, nayo inafunga kichupo.