Maziwa ya shamba kwenda kiwanda chetu wenyewe: bei ya soko, gharama na nyongeza, au kuna njia ya tatu?

Mkamuaji_Njoro
Wadau, nisaidieni kabla vita havijafika mezani kwa mzee. Mimi ndiye mhasibu wa kampuni ya familia huku Njoro. Tuna shamba la ng'ombe, na mwendo mfupi kutoka hapo tuna kiwanda kidogo cha mala. Kila upande una meneja wake, na kila meneja hulipwa bonasi kwa faida ya upande wake.

Shamba hutoa lita 60,000 kwa mwezi. Lishe, dawa na mambo mengine yanayofuata wingi wa maziwa ni shilingi 30 kwa lita. Gharama za kudumu ni 720,000 kwa mwezi, kwa hiyo lita inatugharimu 42. Mzee aliamua zamani shamba liuzie kiwanda kwa gharama hiyo pamoja na asilimia 25, yaani 52.50. Kiwanda kinatumia 35 kwa lita kuchemsha, kufunga na kusambaza, gharama zake za kudumu ni 500,000, na mala inatoka kwa 95 lita.

Sasa mvua imeshika na majirani wanaleta maziwa hadi langoni kwa 40. Meneja wa kiwanda anataka kuchukua lita 20,000 kwao kila mwezi. Tubaki na 52.50, tushuke hadi 40, au nyinyi mnafanyaje?

Kodi_Mtaani
Chunga sana KRA. Kuna kanuni za mwaka 2006 kuhusu bei kati ya watu wanaohusiana. Lazima bei iwe ile ambayo wasiojuana wangekubaliana, na uwe na makaratasi ya kuthibitisha.

Hesabu_Bahati
Ndugu Kodi, hizo ziliandikwa zikilenga hasa kampuni inayofanya biashara na mwenzake aliye nje ya nchi. Huyu ana kampuni moja yenye mifuko miwili. Akihamisha shilingi kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, faida ya kampuni haibadiliki, na kodi vilevile.

Mkamuaji, fanya hesabu ya mwezi mzima uone. Kwa 52.50 shamba linapata faida ya 630,000 na kiwanda kina hasara ya 50,000. Kwa 40 shamba lina hasara ya 120,000 na kiwanda kinapata 700,000. Jumlisha: zote mbili ni 580,000. Hakuna meneja aliyekuwa hodari wala mzembe hapo, ni bei tu iliyosogea. Na bonasi inamfuata nani? Yule aliyependelewa na bei.

Kijana_Molo
Mimi naona mnazunguka. Bei ya soko ndiyo haki. Soko ni 40, shamba likishindwa kiwanda kinunue nje. Kinaokoa 12.50 mara 20,000, robo milioni kila mwezi!

Hesabu_Bahati
Kiwanda kinaokoa, sawa. Na zile lita 20,000 za shamba zitaenda wapi?

Mkamuaji_Njoro
Hapo ndipo pagumu. Ushirika wetu msimu huu umefurika, umesema hautaongeza hata mtungi mmoja. Wachuuzi wa mjini nao wana maziwa hadi pomoni. Mwaka jana mengine tuliwapa ndama, mengine tukamwaga.

Kijana_Molo
Haya, nimekuelewa. Basi kampuni inalipa nje 40 badala ya kutumia yake ya 30. Hasara ni 10 kwa lita, 200,000 kwa mwezi. Naondoa neno langu la robo milioni.

Hesabu_Bahati
Bado, kijana wangu. Hiyo 30 utaiokoa vipi? Utamwambia ng'ombe asile kwa sababu kiwanda kimenunua kwa jirani? Ukimpunguzia lishe akiwa kwenye kilele, maziwa yanashuka, na ukimrudishia baadaye harudi pale alipokuwa hadi azae tena. Kinachookolewa ni dizeli ya kupeleka mitungi na umeme kidogo wa tangi. Kwa hiyo hasara ya kampuni iko karibu na 800,000 yote inayolipwa majirani. Hiyo 30 inaokolewa ukikausha au kuuza ng'ombe, na huo si uamuzi wa mwezi mmoja.

Kwa hiyo bei ya soko inafaa pale tu shamba lina mlango wa kuuzia nje. Mlango ukifungwa, 40 si bei yenu, ni bei ya jirani.

Mkamuaji_Njoro
Basi meneja wa shamba atafurahi, tubaki na 52.50.

Hesabu_Bahati
Hapana, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Niliwahi kushika hesabu mahali palipokuwa na mtindo huo. Panya walitoboa plastiki ya saileji, hewa ikaingia, shimo zima likaoza. Ukiingiza mkono unatoka na kitu cheusi chenye joto, kinanuka. Wakanunua nyasi kavu kwa bei ya kiangazi. Tuseme ni kwako: gharama inapanda kutoka 42 hadi 45, asilimia 25 nayo inapanda kutoka 10.50 hadi 11.25. Shamba limeharibu na faida yake imeongezeka. Pale kwetu meneja wa shamba alipata bonasi, nasi wa ofisini tukamtazama tu.

Mimi ningefanya hivi. Kiwanda kilipe 30 kwa lita, lakini 30 iliyokubaliwa mwanzo wa mwaka, si ile halisi ya mwezi. Kisha kila mwezi kilipe kitita cha kudumu, zile 720,000 na faida kidogo juu, kama mtu anayekodi zizi. Meneja wa kiwanda akiamka na kuona 30 ndani na 40 nje, hatatoka nje. Shamba likilisha kwa 33, hasara ya zile tatu inabaki kwake.

MamaSamaki_Dunga
Samahani kuingilia, mimi ni wa samaki huku Kisumu, lakini ugonjwa ni uleule. Vizimba vyetu vilikuwa vinauzia chumba cha minofu kwa kilo, bei moja. Basi wavunaji wakawa wanatoa ngege wadogo mapema ili wafunge kilo za mwezi. Ngege ukimchuna, mnofu ni kama theluthi tu ya uzito, na wadogo wanakula muda wa mchunaji bure. Chumba cha minofu ndicho kilichoonekana kizembe. Tulipoweka bei kwa ukubwa, kelele ziliisha zenyewe. Mkamuaji, maziwa yaliyochacha nani analipia?

Mkamuaji_Njoro
Mama, umenigusa. Kwetu lita ikishapita kwenye mita ya tangi ni ya kiwanda, hata ikiganda kwenye kipimo cha spiriti.

Kijana_Molo
Swali kwa Mzee Bahati. Kiangazi wanunuzi langoni wakitoa 65, kiwanda kitang'ang'ania maziwa ya 30 na kampuni inakosa pesa.

Hesabu_Bahati
Umenishika, na umenishika vizuri. Kiangazi mlango wa nje uko wazi, kwa hiyo bei kwa lita ipande hadi ya langoni na kitita kishuke. Kiwanda kinaweza kubeba hadi 60 tu, yaani 95 toa 35. Langoni wakipita hapo, ni bora kuuza mabichi, ila usiwanyime kabisa wenye maduka, maana mvua ikirudi hawatarudi.

Kijana_Molo
Na mashine ya kuchemsha ikifa wiki mbili? Kiwanda bado kinalipa kitita?

Hesabu_Bahati
Mimi nasema kilipe, maana mashine ni yake.

MamaSamaki_Dunga
Nani atakubali hiyo? Mimi nisingetia sahihi.

Mkamuaji_Njoro
Nimetoka kukagua daftari la mapokezi la mwezi uliopita. Lita 1,900 ziliganda kwenye kipimo, karibu zote za Jumatatu asubuhi, maziwa ya jioni ya Jumapili. Tangi la shamba halikuwashwa. Kiwanda kililipia zote kwa 52.50. Naanza na hilo kwanza, habari ya kitita tutaigombania Ijumaa.